Masanduku Matatu, Msukumo Mmoja

Masanduku matatu yamepangwa kwenye mstari mmoja juu ya sakafu laini, yakigusana. La kwanza lina tungamo ya kilo 2, la pili kilo 3, la tatu kilo 5. Mkono unasukuma la kwanza kwa kani ya nyutoni 30, na yote yanaondoka pamoja. Mkono haugusi la pili wala la tatu. Kila moja linasukumwa na jirani yake wa nyuma. Kinachotafutwa ni ukubwa wa kani katika kila mgusano.

Jibu la haraka ni kwamba nyutoni 30 hupita zote mpaka mwisho. Haiwezekani. Sanduku la kwanza likilisukuma la pili kwa nyutoni 30, nalo la pili hulirudishia la kwanza nyutoni 30 zilezile, kama kanuni ya tatu ya Newton inavyosema. Hapo la kwanza lingesukumwa sawasawa mbele na nyuma, lisingeongeza mwendo hata kidogo, ilhali wenzake wanazidi kwenda kasi.

Njia nyoofu ni kuanza na masanduku yote kana kwamba ni mzigo mmoja wa kilo 10, msuguano ukiachwa kando kwanza. Nyutoni 30 kwa kilo 10 ni mchapuko wa 3: kila sekunde mwendo huongezeka kwa mita 3 kwa sekunde. Kwa kuwa hayaachani, mchapuko huo ni wa kila sanduku.

Kisha huulizwa: mgusano huu unasukuma kilo ngapi zilizo mbele yake? Ule wa kwanza una kilo 3 na 5, jumla 8. Mara 3, ni nyutoni 24. Wa pili umebakiwa na kilo 5 tu, yaani nyutoni 15. Hesabu huhakikiwa kwa sanduku la kati, ambalo wengi hulisahau: linasukumwa mbele kwa 24 na kurudishwa nyuma kwa 15. Zinabaki 9, ambazo ndizo hasa kilo 3 zinazohitaji.

Mkono ukihamia upande wa pili na kusukuma lile la kilo 5, mchapuko haubadiliki, lakini migusano hubadilika. Kati ya la kilo 5 na la kilo 3 kani ni nyutoni 15 kama awali. Kati ya la kilo 3 na la kilo 2 hushuka hadi 6, maana sasa mbele yake kuna kilo 2 peke yake. Kwa hiyo kitu chepesi kuvunjika ni heri kikae mwisho, mbali na mkono.

Msuguano nao una jambo la kushangaza. Sakafu ikiyakwaruza masanduku yote kwa kiwango kimoja, tuseme nyutoni 2 kwa kila kilo, mchapuko hushuka kutoka 3 hadi 1. Mgusano wa kwanza sasa unahitaji nyutoni 8 za kuongeza mwendo na 16 za kushinda msuguano: ni 24 zilezile. Ila sanduku moja likiwa na kitako kinachokwaruza kuliko mengine, usawa huo huvunjika, na kila sanduku hulazimika kupigiwa hesabu yake.