Saa Tatu na Robo za London

Kwenye karatasi, safari haikuwa na doa. Jioni Dar es Salaam hadi Nairobi, usiku Nairobi hadi London, asubuhi London hadi Oslo, na mchana mama yuko kwa mwanawe. Bei nayo ilikuwa ya kuvutia, maana kijana alikesha na simu akiunga kipande hiki na kile mpaka akapata nafuu. Viza ya Norway ilishabandikwa kwenye pasipoti ya Tanzania. Kilichobaki kilikuwa kufunga mabegi.

Safari hii ni ya mfano, lakini makosa yaliyomo si ya kubuni. Yanajirudia kila msimu wa likizo, na karibu yote yanaonekana kwenye mistari mitatu tu:

```
DAR-NBO  19:40  21:00
NBO-LHR  23:50  06:35+1
LGW-OSL  09:50  13:05
```

Aliyezoea kazi hii haanzi na saa. Anaanza na namba ya uhifadhi, zile herufi na tarakimu sita ambazo maajenti huziita PNR. Hapa ziko mbili: moja ya Dar hadi London, nyingine ya London hadi Oslo. Maana yake mama hana safari moja, ana mbili zilizopangwa kufuatana, na mashirika yenyewe hayajui kwamba zinafuatana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litaandika kwamba abiria hakutokea, na tiketi itakuwa imekwisha kazi.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo watu wengi hujiuliza: kama muda hautoshi, mbona walimuuzia? Kila uwanja mkubwa una muda wa chini uliowekwa wa kutoka ndege moja na kuwahi nyingine. Kwenye tiketi moja, mfumo wa mauzo unatakiwa kukataa muunganiko ulio chini ya muda huo. Kwenye tiketi mbili hakuna wa kukataa, kwa kuwa hakuna anayeziona kwa pamoja isipokuwa mnunuzi mwenyewe.

Sasa zitazamwe herufi tatu tatu. Ndege ya Nairobi inatua LHR, yaani Heathrow. Ya Oslo inaruka kutoka LGW, yaani Gatwick. Zote ni London kwa jina, lakini moja iko magharibi ya jiji na nyingine kusini kabisa, na kwa barabara kuna zaidi ya kilomita 60 kati yake. Istanbul ina mtego wa namna hiyo, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Hata Nairobi, ndege ndogo za kwenda mbugani nyingi huruka Wilson, si Jomo Kenyatta.

Kutoka 06:35 hadi 09:50 ni saa tatu na robo, na ni hizo zilizomdanganya kijana. Hesabu yake ilianza ndege inapogusa ardhi ikaishia inapoiacha. Hesabu ya kweli huanzia mwisho kurudi nyuma. Kupokea mabegi kunaweza kufungwa saa nzima kabla ya kuruka, kwa hiyo mwisho wa mama si 09:50, ni 08:50. Upande wa pili, ndege ikitua haitoi watu papo hapo. Ziwekwe dakika 20 mpaka atoke mlangoni, 45 za foleni ya uhamiaji na 25 za kusubiri begi, kwa kuwa tiketi ni mbili na begi lake limeandikwa LHR tu. Tayari ni 08:05. Basi la Gatwick, barabara ikiwa tulivu, huchukua kama saa moja na robo, na halimsubiri mtu kituoni. Anafika 09:20 kwa bahati nzuri. Kaunta imefungwa nusu saa iliyopita.

Lakini hata hayo hayatamkuta, kwa sababu hatafika London.

Uingereza haimo katika nchi za Schengen, kwa hiyo viza ya Norway haifungui mlango wake. Zaidi ya hapo, Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wamo kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya Uingereza hata kama wanabadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Kuna misamaha: mwenye viza halali ya Marekani au Kanada, kwa mfano, huweza kuipata. Viza fupi ya Schengen, ile ya kutembelea ndugu, haimo katika misamaha hiyo. Na mama huyu hata viza ya kupita ndani ya uwanja isingemtosha, maana lazima avuke uhamiaji achukue begi na kupanda basi. Anahitaji ile ya kupita inayoruhusu kuingia nchini.

Atakayemzuia hatakuwa afisa wa London. Atakuwa kijana wa kaunta pale Dar, akisoma kwenye skrini mfumo uitwao Timatic, ambao mashirika ya ndege huutumia kujua nchi ipi inataka karatasi gani kwa pasipoti ipi. Shirika likimpakia asiye na karatasi hutozwa faini, na mara nyingi ndilo linalomrudisha. Kwa hiyo kulia kaunta hakusaidii, wala barua ya mwenyeji wa Oslo.

Dawa ilikuwa tiketi moja: Dar, Istanbul, Oslo, pande zote mbili zikipitia uwanja wa IST, begi likiandikwa OSL tangu mwanzo. Kupita ndani ya uwanja wa Istanbul, Mtanzania haombwi viza. Ni ghali zaidi kidogo, lakini si ghali kuliko tiketi mbili zilizoungua.

Njia nyingine ingekuwa kupitia Amsterdam, nayo inafaa, ila ina jambo lake. Uholanzi na Norway zote ziko Schengen, hivyo mama angeingia Schengen Amsterdam, si Oslo. Siku ya kwanza ya viza inapimwa pale. Viza ikianza tarehe 16, na ndege ikatua Amsterdam asubuhi ya tarehe 15, mwenye kadi ya kupanda kwenda Oslo tarehe 16 bado amefika siku moja mapema mno.

Likabaki suala la saa, ambalo kwa Waswahili lina ugumu wake. Tiketi mpya inasema ndege inaondoka Dar Jumamosi 03:55. Kijana akampigia mama simu: "Mama, ni Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano usiku." Mama akapanga ashinde Jumamosi akiagana na majirani, jioni aoge, usiku aende. Ajenti alipomuuliza atatoka nyumbani lini, akajibu bila wasiwasi, "Jumamosi baada ya isha, mwanangu."

Ndege ingekuwa imeshafika Oslo.

Ajenti hakubishana. Alichukua kalamu nyekundu, akageuza tiketi, na nyuma yake akaandika kwa herufi kubwa: USIKU WA KUAMKIA JUMAMOSI. IJUMAA SAA NNE USIKU UWE NDANI YA GARI. Akamtaka mama aisome kwa sauti, kisha akampigia mwanawe Oslo aisome tena.