Duara la Milimita 24

Sahani imekaa usiku kucha kwenye joto, na asubuhi bakteria wameota na kuwa utando wa kijivujivu uliofunika uso wote. Juu ya utando huo zimebandikwa diski ndogo za karatasi, kila moja ikiwa imelowekwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya diski kuna duara tupu ambapo hakuna kilichoota. Mgeni wa maabara akiulizwa ni dawa ipi inayofaa, atanyosha kidole kwenye duara pana kuliko yote. Kwa kufanya hivyo anaweza kumchagulia mgonjwa dawa isiyofaa.

Tuchukue mfano wa mwanamke mtu mzima anayeumia anapokojoa, asiye na homa wala maumivu ya kiuno. Mkojo wake umeoteshwa, na siku iliyofuata vijidudu vilivyopatikana ni E. coli, bakteria wanaoongoza kwa kusababisha maambukizi ya njia ya mkojo. Sasa maabara inataka kujua dawa gani itawaweza. Zinapangwa diski tatu: ampisilini, siprofloksasini na nitrofurantoini. Kesho yake ampisilini haina duara kabisa, siprofloksasini ina duara la milimita 24, nayo nitrofurantoini ina la milimita 19. Ripoti inayomfikia daktari inasema ampisilini ni R, yaani bakteria ni sugu kwake. Siprofloksasini, yenye duara kubwa kuliko yote, ni I, yaani ya kati. Nitrofurantoini, yenye duara dogo zaidi, ndiyo iliyopewa S: bakteria hawa wanazuilika nayo.

Ili kuelewa hukumu hiyo inabidi kurudi kwenye kile kinachotokea ndani ya sahani tangu diski inapogusa jeli. Jeli hiyo huitwa agari ya Mueller-Hinton, na ina unyevu. Dawa huanza kutoka kwenye karatasi mara moja na kusambaa pande zote, kama tone la wino kwenye kitambaa kilicholowa: nzito karibu na diski, hafifu kadiri inavyokwenda mbali. Wakati huohuo bakteria waliopakwa juu ya jeli wanaanza kugawanyika. Ni mashindano ya mbio. Pale ambapo dawa imefika ikiwa na nguvu ya kutosha kabla bakteria hawajawa wengi mno, hakuoti kitu. Pale ambapo bakteria wamewahi kujazana, dawa ikifika baadaye imechelewa. Ukingo wa duara huamuliwa katika saa chache za mwanzo, ingawa sahani husomwa baada ya saa 16 hadi 18.

Kwa hiyo upana wa duara hautegemei ukali wa dawa peke yake. Unategemea pia kiasi cha dawa kilichotiwa kwenye diski, na wepesi wa dawa hiyo kupenya kwenye jeli. Diski ya siprofloksasini ina mikrogramu 5, ya ampisilini 10, ya nitrofurantoini 300. Kulinganisha duara la moja na la nyingine hakuna maana. Kila dawa ina mipaka yake, na mipaka hiyo hutofautiana hata kwa aina ya bakteria.

Mipaka haikupatikana kwa kukisia. Mwaka 1966 Bauer, Kirby, Sherris na Turck, waliokuwa wakifanya kazi Seattle nchini Marekani, walichapisha utaratibu mmoja ulioondoa vurugu iliyokuwapo, wakati hospitali ziliweza kutumia jeli tofauti na diski za nguvu tofauti kisha kila moja ikatoa majibu yake. Wazo lililo nyuma ya mipaka ni hili: bakteria wengi wa aina moja hupimwa kwa njia mbili. Kwanza hutafutwa kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia kuota ndani ya mchuzi wa kuoteshea. Kisha bakteria haohao hupimwa kwa diski, na vipimo viwili huwekwa sambamba. Huongezwa taarifa za kiasi cha dawa kinachofikiwa mwilini kwa dozi ya kawaida, na jinsi wagonjwa walivyoendelea. Ndipo milimita hupata maana.

Jedwali la taasisi ya Marekani iitwayo CLSI, ambalo linatumika katika maabara nyingi duniani, linasema hivi kuhusu E. coli. Kwa ampisilini, milimita 17 au zaidi ni S, 14 hadi 16 ni I, na 13 kushuka ni R. Nitrofurantoini ni S kuanzia 17, hivyo 19 ya mgonjwa wetu inapita. Lakini siprofloksasini haipewi S mpaka ifike milimita 26. Kati ya 22 na 25 ni I, na 21 kushuka ni R. Duara lake la 24 linaangukia katikati.

Hapa pana jambo linalostahili kusisitizwa. Kabla ya mwaka 2019 jedwali hilohilo liliipa siprofloksasini S kuanzia milimita 21. Mipaka ilipandishwa kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikiwapitisha bakteria ambao tayari walikuwa wamepata usugu wa kiasi. Maabara iliyobandika ukutani jedwali la zamani ingempa mwanamke huyu S bila kukosea hata hatua moja ya kazi: jeli sawa, diski sawa, rula sawa, jibu tofauti. Mtu anayetaka kujua kama maabara inaaminika aulize kwanza jedwali lake ni la mwaka gani.

Herufi I nayo hueleweka vibaya. Wengi huisoma kama "inafanya kazi nusunusu." Maana yake halisi ni kwamba dawa inaweza kufaa endapo itawafikia bakteria kwa wingi kuliko kawaida, ama kwa dozi kubwa zaidi, ama kwa sababu hujikusanya mahali ugonjwa ulipo, kama siprofloksasini inavyojikusanya kwenye mkojo. Taasisi ya Ulaya, EUCAST, iliandika maana hiyo waziwazi mwaka 2019. Kwa upande wa CLSI, I ina kazi nyingine pia: ni ukanda wa tahadhari, ili tofauti ndogo ya kipimo isimhamishe mgonjwa moja kwa moja kutoka S kwenda R.

Tofauti hizo ndogo huzaliwa zaidi pale bakteria wanapotayarishwa, na ndiyo hatua ambayo mtu mwenye haraka huiharakisha. Mtaalamu huchukua bakteria kutoka kwenye vichuguu vitatu hadi vitano vinavyofanana, vilivyoota usiku uliopita, akavikoroga kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5. Kipimo hicho ni mrija wenye ukungu wa kudumu, unaotengenezwa kwa kuchanganya mililita 0.5 za myeyusho wa kloridi ya bari na mililita 99.5 za asidi ya salfa iliyozimuliwa. Mirija miwili hushikwa sambamba mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, kwenye mwanga mzuri. Mistari ikionekana kwa kiwango kilekile kupitia yote miwili, kazi imekamilika. Kwa E. coli, ukungu huo ni takriban bakteria milioni 100 hadi 200 katika kila mililita.

Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, bakteria huchelewa kujazana, dawa inapata muda wa kusafiri mbali, na duara linatanuka. Siprofloksasini ya mgonjwa wetu ingeweza kutoka 24 ikafika 27, na daktari akaletewa S isiyo ya kweli. Mchanganyiko ukiwa mzito mno mambo yanageuka: nitrofurantoini ingeweza kushuka ikafika 16, na dawa inayofaa ikawekwa kando. Kosa la kwanza ni baya zaidi, kwa maana mgonjwa huondoka na vidonge visivyomsaidia. Kuna dalili ya kulitambua. Uoto mzuri ni utando mmoja uliofungamana. Vichuguu vikionekana kimoja kimoja, vimetengana, mchanganyiko ulikuwa mwepesi, na sahani hiyo haifai kusomwa. Irudiwe.

Muda nao hauvumilii uzembe. Mchanganyiko hupakwa ndani ya dakika 15 tangu uwe tayari, maana bakteria wakiachwa mezani idadi yao inabadilika. Kijiti cha pamba hukamuliwa kwenye ukuta wa mrija ili kisidondoshe maji, kisha hupitishwa kwenye uso wote wa jeli mara tatu, sahani ikizungushwa kidogo kila mara. Diski ikishagusa jeli haisogezwi, hata kama imekaa upande, kwa sababu dawa imekwisha kuanza kutoka. Sahani huwekwa kwenye joto la nyuzi 35.

Hata jeli yenyewe huweza kudanganya. Inatakiwa iwe na unene wa milimita 4. Ikiwa nene zaidi, dawa huzama chini badala ya kwenda kando, na kila duara husinyaa. Diski nazo huharibika kwa unyevu. Kopo likitolewa kwenye friji na kufunguliwa papo hapo, hewa ya joto ya chumba hugeuka matone juu ya karatasi, na dawa kama ampisilini hupungua nguvu polepole. Hatari hiyo huongezeka katika mji wa pwani wenye hewa nzito na umeme unaokatika. Dawa ni namna moja tu: kopo liachwe lifungwe mpaka lilingane na joto la chumba.

Kwa kuwa makosa haya hayaonekani kwa macho, maabara hupima pia bakteria wa kujikagua, aina ya E. coli ijulikanayo kama ATCC 25922, ambao tabia yao imejulikana kabla. Mbele ya diski ya nitrofurantoini wanapaswa kutoa duara la milimita 20 hadi 25. Wakitoa 17, tatizo halipo kwa mgonjwa yeyote. Lipo kwenye diski, jeli, joto au mchanganyiko, na majibu ya wagonjwa kwa dawa hiyo yasubiri mpaka sababu ipatikane.

Usomaji hufanywa kwa jicho tupu, sahani ikiwa imegeuzwa juu ya kitu cheusi kisichong'aa huku mwanga ukiangaza kutoka mbele. Rula hupita katikati ya diski, kutoka ukingo hadi ukingo, na diski yenyewe huhesabiwa. Ndiyo maana ampisilini isiyo na duara huandikwa 6, ambao ni upana wa karatasi. Vichuguu vichache vikionekana ndani ya duara lililo wazi havipuuzwi: huenda kuna bakteria wa aina mbili waliochanganyika, au baadhi yao wameshapata usugu, kwa hiyo huoteshwa upya na kupimwa.

Daktari wa mwanamke wetu ataandika nitrofurantoini, dawa inayojikusanya kwenye mkojo na kuwafikia bakteria waliomo kibofuni. Angekuwa na homa na maumivu ya kiuno, dalili za figo kushambuliwa, S hiyohiyo isingetosha, kwani dawa hiyo haifiki kwa kiwango cha maana kwenye nyama ya figo wala kwenye damu. Ziko pia dawa ambazo diski haiziwezi. Kolistini ina molekuli kubwa inayopenya kwenye jeli kwa shida, hivyo bakteria sugu na wasio sugu hutoa maduara yanayokaribiana. Kwa dawa hiyo, maabara hurudi kwenye mchuzi na kutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia uoto.