Uhakiki wa Namba za Wagonjwa Zenye Sifuri ya Mwanzo kwa Kutumia SUMPRODUCT: Mfano wa Orodha ya Utafiti Wasso, Ngorongoro

1. Utangulizi

Nchini Tanzania, mgonjwa anayesajiliwa katika kliniki ya tiba na matunzo ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi (CTC) hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu 14. Mbili za kwanza ni za mkoa, mbili zinazofuata ni za wilaya, nne ni za kituo, na sita za mwisho ni za mgonjwa mwenyewe. Katika mfumo wa taifa wa namba za mikoa, Mkoa wa Arusha ni 02. Kwa hiyo namba iliyotolewa Wasso, katika Wilaya ya Ngorongoro, huanza na sifuri, na sifuri hiyo ni sehemu ya utambulisho.

Jambo hili lina uzito katika eneo hili kwa sababu wafugaji huhama kufuata malisho. Mgonjwa aliyesajiliwa Wasso anaweza kuonekana baadaye Endulen au Karatu, na mtafiti anayeunganisha orodha za vituo hivyo hutegemea namba hiyo kumtambua. Ikipotea tarakimu moja, mgonjwa mmoja huhesabiwa kuwa wawili, au hudhaniwa ameacha dawa ilhali anaendelea kutibiwa kwingine. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuizuia hasara hiyo wakati wa kuingiza data katika Excel. Namba zote zilizotumiwa hapa ni za kubuni.

2. Namna sifuri inavyopotea

Mwingizaji akiandika 02060100000347 katika seli ya kawaida, Excel huichukulia kuwa idadi na kuhifadhi 2060100000347. Kwa idadi, sifuri ya mwanzo haina thamani. Kwa utambulisho, kuondolewa kwake hubadilisha namba. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuchagua safuwima nzima na kuipa umbo la Text kabla ya kuandika chochote. Umbo hilo likiwekwa baada ya kuandika, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi.

Kwa namba ndefu zaidi hasara huwa kubwa. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za idadi na kugeuza zinazobaki kuwa sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, ikiandikwa katika seli ya kawaida hupoteza tarakimu tano za mwisho, na hakuna fomula inayoweza kuzirejesha.

3. Kwa nini jaribio jepesi halitoshi

Watumiaji wengi huhakiki kwa kuuliza mambo mawili: je, urefu ni 14, na je, maandishi yanaweza kugeuzwa kuwa idadi? Jaribio hilo huandikwa hivi:

```
=AND(LEN(B2)=14,ISNUMBER(--B2))
```

Kasoro yake ni kwamba Excel hugeuza kuwa idadi mambo mengi yasiyo tarakimu tupu. Maingizo manne yafuatayo yana alama 14 kila moja, na yote hupita:

```
-2060100000347
 2060100000347
02060100.00347
02060100E00034
```

La kwanza lina alama ya kutoa mahali pa sifuri, na la pili lina nafasi tupu mahali hapohapo. La tatu lina nukta. La nne lina herufi E, ambayo Excel huisoma kuwa kipeo cha kumi. La pili ndilo gumu kugunduliwa kwa macho.

4. Jaribio la tarakimu moja moja

Dawa ni kuacha kuuliza kuhusu maandishi mazima na kuuliza kuhusu kila alama peke yake:

```
=AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=14,SUMPRODUCT(--ISNUMBER(--MID(B2,ROW($1:$14),1)))=14)
```

Sehemu ya ROW($1:$14) hutoa mfululizo wa 1 hadi 14. MID huutumia kukata alama ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi na nne. Alama mbili za kutoa zilizotangulia MID hujaribu kugeuza kila kipande kuwa idadi: sifuri hadi tisa hugeuka, nafasi tupu, nukta, kistari au herufi ikiwa peke yake hutoa kosa. ISNUMBER hujibu kweli au si kweli, na alama mbili za nje hugeuza majibu hayo kuwa 1 na 0. SUMPRODUCT huyajumlisha. Jumla ikiwa 14, alama zote 14 ni tarakimu.

ISTEXT ina kazi yake. Kwa namba ya Arusha, LEN ingetosha kuonyesha kwamba sifuri imepotea. Lakini namba ya Manyara huanza na 21. Ikihifadhiwa kama idadi bado ina tarakimu 14 na ingepita. Baadaye, ikitafutwa katika orodha iliyohifadhiwa kama maandishi, haitapatikana, ingawa machoni ni ileile.

Fomula huwekwa katika Data Validation, chaguo la Custom, baada ya kuchagua seli kuanzia B2. Ikumbukwe kwamba $1:$14 ni marejeo ya safumlalo halisi. Safumlalo ikiongezwa juu ya ya kwanza, marejeo huwa $2:$15, hesabu hufika 13 tu, na kila ingizo sahihi hukataliwa. Kukataliwa kwa ghafla kwa namba zote ndiko dalili ya hitilafu hii. Kuandika ROW(INDIRECT("1:14")) huiondoa.

5. Mipaka ya uhakiki na hatari ya ukarabati

Data Validation hukagua kinachoandikwa kwa mkono, si kinachobandikwa kutoka faili nyingine. Kwa hiyo fomula ileile iwekwe pia katika safuwima ya pembeni, ili kila safumlalo ioneshe TRUE au FALSE, na zenye FALSE zichujwe kabla ya uchambuzi.

Orodha ikipokelewa sifuri zikiwa zimeshapotea, wengi huzirejesha hivi:

```
=TEXT(B2,"00000000000000")
```

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu fomula hii hujaza sifuri bila kujua sababu ya upungufu. Idadi ya tarakimu 12 katika orodha ya Arusha ina upungufu zaidi ya sifuri ya mwanzo. Ikijazwa huanza na 00, na kosa huonekana. Lakini tuseme mgonjwa aliyehamia kutoka Manyara ana namba 21030200000518, na mwingizaji ameruka sifuri moja katikati. Idadi inayobaki, 2103020000518, ina tarakimu 13. Ikijazwa huwa 02103020000518: urefu ni sahihi, tarakimu ni tupu, na mwanzo wake ni 02 kama namba ya Arusha. Jaribio la sehemu ya 4 litaipitisha, na mgonjwa wa Manyara atasomeka kuwa wa Arusha.

Kwa sababu hiyo, namba iliyojazwa iwekwe katika safuwima mpya, ile ya awali ibaki, na tarakimu za wilaya na kituo zilinganishwe na orodha ya vituo vinavyohusika. Isiyolingana irudishwe kwenye kadi ya mgonjwa. Fomula huthibitisha umbo la namba peke yake. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi zitapita, na ni kadi tu inayoweza kuthibitisha kwamba namba ni ya mgonjwa huyo.