Nyumba Juu ya Mfinyanzi Laini: Kukadiria Didimio Linaloonekana na Lile Linalosubiri

Katika mabonde ya pwani, kama la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, maji ya miaka mingi yamelaza tope na mfinyanzi. Anayejenga juu ya udongo wa namna hii mara nyingi huuliza swali moja tu: je, ardhi itabeba? Lakini msingi unaweza kubebwa salama bila kuzama, na nyumba ikapasuka kuta miaka miwili baadaye. Hivyo kuna swali la pili: ardhi ikishabeba, msingi utashuka kiasi gani, na lini?

Mfinyanzi laini uliojaa maji hushuka kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya papo hapo. Mzigo unapowekwa, maji hayajapata nafasi ya kutoka, kwa hiyo ujazo wa udongo haubadiliki. Udongo hubadilika umbo tu: unabonyea chini ya msingi na kusukumwa pembeni. Hatua hii huisha karibu pamoja na ujenzi wenyewe. Hatua ya pili ni ya kukamuka. Mzigo ambao mwanzoni ulibebwa na maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya udongo huhamia polepole kwenye chembe zenyewe, kadiri maji yanavyojipenyeza na kutoka. Ni kama nazi ndani ya kifumbu: mkono hubana mara moja, lakini machicha hayapungui mpaka tui litoke. Tofauti ni kwamba mfinyanzi hupitisha maji taratibu mno, hata kazi hiyo ikachukua miaka. Nadharia ya hatua hii iliwekwa na Karl Terzaghi katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, na ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Tuchukue nguzo moja na tuifanyie hesabu. Msingi wake ni wa mraba, mita 2 kwa mita 2, umekaa kina cha mita 1, na maji ya ardhini yako kina hicho hicho. Nguzo inaleta kilonyutoni 160, yaani takribani tani 16, kwa hiyo shinikizo chini ya msingi ni kilopaskali 40 (kPa). Chini ya msingi kuna mita 4 za mfinyanzi laini, kisha mchanga mgumu. Nguvu ya mfinyanzi huo, ikipimwa kabla maji hayajatoka, ni kPa 15. Kwa msingi wa umbo na kina hiki, udongo ungeshindwa kwenye shinikizo la karibu mara 7.1 ya nguvu hiyo, yaani kPa 106. Tuna akiba ya mara 2.7. Wengi huishia hapa na kusema kazi imekwisha.

Didimio la papo hapo hukadiriwa kwa kanuni hii:

```
s = q · B · (1 − ν²) · I / E
```

Hapa q ni shinikizo, B ni upana wa msingi, na ν ni 0.5 kwa sababu ujazo haubadiliki. I ni kizidishi cha umbo, takribani 0.82 kwa mraba mgumu. E ni ukakamavu wa udongo kabla ya kukamuka. Huu wa mwisho ni mgumu kuupima, kwa hiyo mara nyingi hukisiwa kutokana na nguvu ya udongo. Tukichukua mara 300 ya kPa 15 tunapata kPa 4,500. Jibu ni milimita 11. Kanuni inachukulia kwamba mfinyanzi hauna mwisho kwenda chini, ilhali kwetu mchanga mgumu uko karibu, hivyo jibu linazidi kidogo ukweli. Makosa ya kukisia E ni makubwa zaidi ya hapo: ukitumia mara 150 badala ya 300, didimio linakuwa maradufu. Hata hivyo tunazungumzia milimita chache, na zinatokea wakati fundi bado yuko kazini na anaweza kusawazisha.

Kwa hatua ya pili tunagawa mfinyanzi katika tabaka nne za mita 1 kila moja, kwa kuwa shinikizo la msingi hupungua kadiri tunavyoshuka. Njia rahisi ni kudhani kwamba mzigo unatanuka mita 1 kwa upana kila unaposhuka mita 1. Katikati ya tabaka la juu ongezeko ni kPa 25.6, na katikati ya la chini ni kPa 5.3 tu. Kisha tunahitaji shinikizo ambalo chembe za udongo zilikuwa zikilibeba kabla yetu, kutokana na uzito wa udongo wenyewe baada ya kuondoa uelezi wa maji. Kwetu linaanzia kPa 20.5 katikati ya tabaka la juu na kufikia kPa 41.5 katika la chini. Didimio la kila tabaka ni:

```
s = H · C / (1 + e0) · log10(σ1 / σ0)
```

H ni unene wa tabaka, e0 ni uwiano wa nafasi tupu na chembe, σ0 ni shinikizo la mwanzo na σ1 ni la mwisho. Maabara imetupa e0 ya 1.3. Iliyobaki ni C, kipimo cha jinsi udongo unavyobanika, na hapo ndipo uamuzi mzima ulipo.

Mfinyanzi una C mbili. Kama haujawahi kubanwa zaidi ya ulivyo leo, hubanika sana, na katika mfano wetu C ni 0.45. Kama uliwahi kubanwa zaidi zamani, kwa mfano kwa kukaushwa na jua maji yaliposhuka, au kwa uzito wa udongo ambao baadaye ulimomonyoka, hubakia mgumu mpaka ufikie tena shinikizo lile la zamani. Kabla ya kulifikia, C ni 0.06 tu. Tukidhani hakuna shinikizo la zamani, tabaka nne zinatupa jumla ya milimita 130. Tukidhani shinikizo la zamani ni kPa 60, hakuna tabaka linalolivuka, kwa kuwa hata la chini kabisa linaishia karibu kPa 47. Jumla inakuwa milimita 17. Udongo ni ule ule na mzigo ni ule ule, lakini jibu moja ni zaidi ya mara saba ya lingine.

Tuamini lipi? Nguvu ya udongo inasaidia kujibu. Katika mfinyanzi wa namna hii, nguvu kabla ya kukamuka huwa takribani robo ya shinikizo la zamani. Tulipima kPa 15, na robo ya 60 ni 15. Namba hizi mbili zinaungana mkono. Mfinyanzi ambao haujawahi kubanwa ungekuwa na nguvu ya kPa 5 hadi 10 tu kwenye kina hiki. Maabara ikileta shinikizo la zamani la kPa 25 huku kipimo cha uwanjani kikionyesha nguvu ya 15, kuna moja lisilo sahihi, na mara nyingi ni sampuli iliyovurugwa wakati wa kuchimbwa au kusafirishwa. Dalili yake huonekana kwenye mchoro wa kubanika: mkunjo uliopaswa kuwa mkali, pale udongo unapopita shinikizo lake la zamani, unalainika na kupotea. Sababu nyingine ni hatua za mzigo maabarani. Kwa desturi huongezwa maradufu: 25, 50, 100, 200. Mkunjo wa kPa 60 huangukia kati ya 50 na 100 na hauonekani vizuri. Mwombe mpimaji aongeze hatua za katikati. Kazi inachelewa siku chache, lakini unaipata namba inayotawala jibu zima.

Mpaka hapa nguzo yetu iko salama. Milimita 11 na 17 ni 28, na kikomo kilichopendekezwa na Skempton na MacDonald mwaka 1956 kwa misingi ya nguzo juu ya mfinyanzi ni milimita 65. Sasa tufanye jambo ambalo karibu kila anayejenga bondeni hulifanya ili kukimbia mafuriko: tujaze kifusi cha mita 1.5 kwenye kiwanja kizima. Kifusi hicho kinaleta kPa 27. Tofauti na mzigo wa msingi, uzito huu umetandazwa mahali papana, kwa hiyo haupungui unaposhuka. Kila tabaka linaupata karibu wote. Tabaka zote nne zinavuka kPa 60 na kuingia kwenye C kubwa. Didimio la kukamuka linaruka kutoka milimita 17 hadi 88. Tabaka la chini kabisa, ambalo msingi peke yake ungelishusha chini ya milimita 2, sasa linashuka milimita 22.

Hasara hii hailetwi na nguzo bali na kifusi, na mara nyingi kifusi hakimo kwenye hesabu ya mhandisi kwa sababu kilimwagwa na mtu mwingine siku nyingine. Tena hakidhuru nguzo zote sawa. Penye kifusi kinene au mfinyanzi mnene patashuka zaidi. Nguzo zilizoachana mita 4 zikitofautiana milimita 13, yaani sehemu 1 kwa 300 ya umbali wao, kuta kati yake huanza kupasuka.

Muda nao hukadirika. Ikiwa maji yanaweza kutoka juu na chini, njia yake ndefu kabisa ni mita 2, na kwa kasi ya kukamuka ya mita za mraba 1 kwa mwaka, nusu ya didimio inatimia baada ya miezi 9 hadi 10, na asilimia 90 baada ya miaka 3.4. Kama chini pangekuwa na mwamba usiopitisha maji, njia ingekuwa mita 4 na muda ungeongezeka mara nne, hadi karibu miaka 14. Ndiyo maana nyufa huja baada ya rangi kukauka na wapangaji kuhamia.

Muda huo huo ndio dawa. Kati ya milimita 88, karibu 41 zingesababishwa na kifusi peke yake. Kifusi kikitangulia na kuachwa, mwaka wa kwanza pekee unaondoa zaidi ya nusu ya hizo 41 kabla nguzo haijasimama. Kikiachwa mpaka kimalize kazi yake, nguzo inabakiwa na milimita 47 za kukamuka na 11 za papo hapo: 58, chini ya kikomo cha 65. Kwa hiyo anayenunua kiwanja bondeni ajaze kwanza, asubiri, apime kushuka kwa kifusi kila mwezi kwa alama iliyofungwa kwenye bamba, na asichimbe msingi mpaka mchoro wa vipimo hivyo uonyeshe kwamba kasi imepungua.