Saa ya Mjumbe

Mwaka 55 KK Julius Kaisari alijenga daraja la mbao juu ya mto Rhine kwa siku 10, akavusha jeshi lake hadi upande wa Wajerumani, akakaa huko siku 18, kisha akarudi Galia na kulivunja daraja lile. Tuseme mjumbe aliondoka ukingoni siku ileile askari walipokuwa wakivuka, akashika njia ya Roma. Anafika, anatoa habari, na mtu mmoja mjini anaiandika hivi: *Nuntius dixit Caesarem Rhenum transire.*

Neno kwa neno, sentensi hiyo ni ya ajabu. *Nuntius dixit* ni "mjumbe alisema". Baada ya hapo tungetarajia neno la kuunganisha, mfano wa "kwamba" au "kuwa", lakini halipo. *Caesarem* si umbo la kawaida la jina Kaisari anapokuwa kiima. Hapo lingekuwa *Caesar*. Limevaa mwisho wa shamirisho, yaani umbo la anayetendewa, kana kwamba Kaisari ndiye aliyesemwa. Na *transire* si "anavuka" wala "alivuka", bali "kuvuka", kitenzi kisicho na nafsi. Hivi ndivyo Warumi walivyojenga usemi wa taarifa: baada ya kitenzi cha kusema, kujua, kufikiri au kusikia, kiima cha habari inayoripotiwa huwekwa katika umbo la shamirisho, na kitenzi chake huwa katika umbo la "ku-".

Kwetu jambo hili si geni kabisa. Tunaposema "nilimsikia mama akiimba", yule mama anasikiwa na hapohapo ndiye anayeimba. Mtu mmoja amebeba kazi mbili. Kilatini kilichukua ujenzi wa aina hiyo na kuutandaza kwa kila habari inayosemwa au kuwazwa.

Msomaji makini ataona tatizo. *Rhenum* nalo limo katika umbo la shamirisho, kwa sababu mto ndio unaovukwa. Basi ni nani anavuka nini? Katika mfano wetu akili inajibu, maana mito haivuki majemadari. Lakini si kila mara. Inasimuliwa kwamba Piro, mfalme wa Epiro aliyewavamia Warumi mwaka 280 KK, alipewa na mungu Apolo utabiri uliojengwa hivyohivyo, wenye yeye na Warumi wote wawili katika umbo la shamirisho, pamoja na kitenzi cha kushinda. Ungeweza kusomwa kwamba yeye atawashinda, au kwamba wao watamshinda. Sisero, alipoandika kuhusu uaguzi mwaka 44 KK, aliicheka hadithi hiyo: Apolo, alisema, hakuwahi kuzungumza Kilatini. Hoja yake ina nguvu, kwa kuwa mtego wote umo katika sarufi.

Turudi kwa mjumbe, kwa sababu ugumu halisi uko kwenye wakati. *Transire* huitwa kitenzi cha wakati uliopo. Uliopo kwa nani? Habari inapoandikwa Roma, huenda Kaisari amekwisha kurudi na daraja halipo tena. Jibu ni kwamba umbo hilo halina saa yake lenyewe. Linatazama saa ya kitenzi kikuu, *dixit*, na kusema: haya yalikuwa yakiendelea wakati uleule wa kusema. Ukibadilisha umbo kuwa *transisse*, kuvuka kumetangulia kusema. Ukiweka *transiturum esse*, kuvuka kunafuata baada ya kusema. Hivyo maumbo haya matatu hayamaanishi leo, jana na kesho za msomaji; yanamaanisha pamoja, kabla na baada, kwa saa ya msemaji.

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaitumii. *Nuntius dixit Caesarem Rhenum transire* ni "mjumbe alisema kwamba Kaisari anavuka Rhine". Tumeacha "anavuka" kama lilivyo, ijapokuwa mambo yote ni ya kale, kwa kuwa nasi twahesabu kutoka kwa msemaji. *Dixit ... transisse* ni "alisema kwamba amevuka". *Dixit ... transiturum esse* ni "alisema kwamba atavuka". Ukiondoa *dixit* ukaweka *dicit*, "anasema", sehemu ya pili haibadiliki katika lugha yoyote kati ya hizi mbili. Kiingereza ndicho hurudisha kitenzi nyuma baada ya "alisema", na anayejifunza Kilatini kwa vitabu vya Kiingereza hulazimika kufanya hesabu isiyomhusu, kisha akakuta *transire* limetafsiriwa kana kwamba ni tendo lililopita, asielewe limepitaje.

Kuna jambo moja la kuangalia katika lile umbo la "baada". Halisemi kwamba tendo lilitokea. *Dixit Caesarem transiturum esse* inabaki sentensi sahihi hata kama Kaisari aligeuza farasi mlangoni mwa daraja. Yale ni matarajio ya mjumbe, si ushahidi.

Makosa mengi hutoka kwenye kile kijineno *esse*, "kuwa". Mtu akiona *urbem captam esse* hukimbilia "mji unatekwa", kwa kuwa *esse* peke yake ni umbo la wakati uliopo. Lakini *captam* ni "uliotekwa", na mawili hayo kwa pamoja ni umbo la kabla: *dixit urbem captam esse*, "alisema kwamba mji umetekwa". Mji unaotekwa wakati huohuo ungekuwa *urbem capi*. Isitoshe, waandishi hupenda kuliacha *esse* kabisa. Ukikuta *dixit se venturum* na sentensi inaonekana kukatika, lirudishe *esse* kichwani: "alisema kwamba atakuja". Angalia pia *se*. Maana yake ni msemaji mwenyewe. Angekuwa mtu mwingine pangeandikwa *eum*. Kiswahili katika "Juma alisema atakuja" hutuacha tukisie ni nani.

Bahati yetu ina mpaka. Sisi husema "aliahidi kuja", tukaridhika na "ku-" tupu. Mrumi kwa kawaida hakuridhika. Ahadi na tumaini hutazama mbele, basi alidai umbo la baada pamoja na mwenye kuahidi: *promisit se venturum esse*. Kwa upande mwingine, *memini*, "nakumbuka", huchukua umbo la pamoja kwa jambo ambalo mtu alilishuhudia mwenyewe, hata kama ni la miaka mingi iliyopita: *memini patrem meum dicere*, "nakumbuka baba yangu akisema". Tendo linaonekana kama linapita tena mbele ya macho, na "-ki-" yetu hufanya kazi hiyohiyo.

Anayesoma Kilatini cha Kanisa atauona ujenzi huu ukipungua nguvu. Jeromu, aliyetafsiri Biblia mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ya 5, mara nyingi huandika *quia* au *quod* panapohitajika "kwamba", kisha kitenzi cha kawaida chenye nafsi na wakati wake. Ndiyo njia waliyoifuata Wataliano, Wahispania na Wafaransa. Hivyo mwanafunzi aliyezoea Injili ya Kilatini, akihamia kwa Kaisari, hutafuta "kwamba" asiione. Afadhali aanze na kitenzi cha kusema, atafute jina lenye mwisho wa shamirisho, kisha kitenzi cha "ku-", na mwisho aulize: mjumbe alipofungua kinywa, jambo hili lilikuwa limekwisha, linaendelea, au lilikuwa bado?