Biti inayopitiliza

Chukua rejista ndogo yenye lachi nne zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikihifadhi biti moja. Zote zina sifuri: 0000. Mlangoni tunaweka 1. Saa ya saketi ikipiga mara moja, tunataka kusoma 1000, yaani biti imeingia hatua moja tu. Tunachosoma ni 1111.

Kisa ni tabia ya lachi yenyewe. Saa ikiwa juu, lachi iko wazi, na chochote kinachoingia kinatokea upande wa pili. Inafunga na kushika ilichonacho pale tu saa inaposhuka. Tuseme kila lachi huchukua nanosekunde 20 kupitisha biti, na saa inakaa juu nanosekunde 500. Ile 1 inaivuka lachi ya kwanza, inaikuta ya pili nayo iko wazi, inapita. Baada ya nanosekunde 80 imeshafika mwisho, na saa haijafikiria kushuka.

Wengi hukimbilia kupunguza kasi ya saa. Hapo saa inakaa juu muda mrefu zaidi, na biti inazidi kupata nafasi ya kupitiliza. Ukifupisha kipigo kiwe, tuseme, nanosekunde 30, rejista itafanya kazi mezani. Lakini joto, volteji na tofauti za chipu hubadilisha zile 20. Saketi inayotegemea bahati hiyo mimi siiamini.

Dawa ni kuweka lachi mbili kwa kila biti: bwana mbele, mtumwa nyuma. Bwana anapata saa kama ilivyo, mtumwa anaipata ikiwa imegeuzwa. Ni kama milango miwili ya kuingilia benki: wa ndani haufunguki mpaka wa nje ufungwe. Saa ikipanda, bwana wa kwanza anapokea 1, lakini mtumwa wake amefunga, kwa hiyo bwana wa pili bado anaona 0 ya zamani. Saa ikishuka, mabwana wote wanafunga, watumwa wanafungua, na ile 1 inatokea kwenye hatua ya kwanza. Haiwezi kuendelea, kwa sababu bwana wa pili naye amefunga. Tunasoma 1000, hata saa ikikaa juu sekunde nzima.

Gharama yake ni lachi mara mbili, na udhaifu wake uko kwenye kigeuzi cha saa. Kikichelewa nanosekunde 10, bwana na mtumwa wanakuwa wazi pamoja kwa muda huo saa inapopanda. Kumvuka bwana peke yake kunahitaji 20, hivyo hakuna kinachoharibika. Waya mrefu ukiongeza ucheleweshaji hadi 50, biti inawavuka wote wawili, na tumerudi kulekule. Ndiyo maana baadhi ya wasanifu hutumia saa mbili zisizokuwa juu kwa pamoja hata kidogo.

Rejista yako ikiruka hatua, weka oskiloskopu kwenye saa zote mbili, hapohapo kwenye pini za lachi, utazame zinapopishana kabla hujabadilisha chipu yoyote.