Si kila "amore" ni mapenzi

Ukipita mbele ya mikahawa ya piza ya Malindi au Watamu, hukosi kuwasikia vijana wa pwani wakiwaita wageni: "Ciao bella!" Kiitaliano kilianza kuzoeleka huko tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoweka kituo chao cha San Marco cha kurushia vyombo vya anga karibu na Malindi, kisha watalii wakafuata. Bella ni mrembo. Msichana wa Roma humsalimu shoga yake kwa neno hilo kila asubuhi, wala hakuna anayegeuka kutazama. Mwanamume akilitumia kwa mwanamke asiyemjua njiani, hapo ameshaanza kutongoza, na wanawake wengi wa Italia hawapendi kuitwa hivyo na mtu baki.

Anayejifunza Kiitaliano au Kihispania hukutana na tatizo hili mapema. Lugha zote mbili zimejaa majina ya mahaba, na watu huyatumia kwa ukarimu ambao Mswahili anaweza kuuelewa vibaya. Muuza mboga anakuita kipenzi, mwenzako wa kazini anakuita hazina. Wanamaanisha nini?

Anza na kitenzi, kwa sababu hapo ndipo mpaka ulipo wazi zaidi. Sisi tuna "nakupenda" moja, nayo inamtosha mama, rafiki na mchumba. Mwitaliano anazo mbili. "Ti voglio bene", ambayo kwa asili ni kumtakia mtu mema, huambiwa mzazi, mtoto, ndugu, rafiki wa chanda na pete, hata mbwa. "Ti amo" ni ya mpenzi tu. Mtu mzima akimwambia mama yake au rafiki yake "ti amo", wanaomsikia watashtuka. Wapenzi nao huambiana "ti voglio bene", kwa upole. Lakini aliyemwambia mtu "ti amo" kwa mara ya kwanza, akajibiwa "anch'io ti voglio bene", yaani nami nakutakia mema, ameshapewa jibu lake: anapendwa kama rafiki.

Kihispania kina jozi inayofanana, ila mpaka wake huhama kutoka nchi hadi nchi. "Te quiero" imetokana na kitenzi cha kutaka. Kwa Kiswahili, kumwambia mtu "nakutaka" ni jambo zito na la chumbani. Kwa Kihispania ni kinyume chake: "te quiero" ndiyo nyepesi, nayo huambiwa rafiki, bibi, mtoto na mpenzi. Huko Hispania wapenzi wengi huishi miaka na "te quiero" bila kuhitaji nyingine, na "te amo" masikioni mwao ina harufu ya sinema na nyimbo. Nchini Meksiko "te amo" ni neno hai. Huambiwa mpenzi na mara nyingine watu wa nyumbani, na kijana akiliambiwa kwa mara ya kwanza na mchumba wake anajua uhusiano umepanda ngazi. Kwa hiyo Mmeksiko aliyezoea kuisikia "te quiero" kwa marafiki anaweza kudhani mchumba wake wa Madridi anajizuia, kumbe mwenzake ameshasema yote aliyonayo.

Majina yenyewe yanataka uangalifu zaidi, maana neno moja hutumika kwa watu wa aina nyingi. Chukua "tesoro", hazina, kwa Kiitaliano. Mama humwita mtoto hivyo, mke humwita mume, na wanawake marafiki huitana hivyo bila kufikiri. "Amore" lilikuwa la wapenzi na watoto, lakini wasichana wa leo wanaitana "amore", tena wanalikata wakasema "amo". Wanaume hawana uhuru huo. Mwanamume akimwita rafiki yake wa kiume "tesoro", ama anamtania ama ana jingine moyoni. Kati yao husikia zaidi "bello", au "fratello", ndugu, ambalo vijana wa mitaani hulikata likawa "fra". "Caro", mpendwa, liko mahali pa peke yake. Ni la barua na la watu wenye adabu, na halina moto wa mahaba. Hata hivyo bosi wa kiume akimwita mfanyakazi wake "cara", mwanamke huyo anaweza kuona anateremshwa, anaitwa kama mtoto.

Yako pia majina ambayo mtu mzima hamwiti mtu mzima mwenzake isipokuwa wana jambo lao. "Piccola", mdogo wangu, mwanamume akimwambia mwanamke. "Cucciola", yaani kitoto cha mnyama. "Vita mia", maisha yangu. Na angalia hilo "mia" au "mio", yaani wangu. Likiongezwa, mara nyingi jina linasogea karibu na mwili. "Amore" kutoka kwa mwenye duka la nguo ni ukarimu wa biashara. "Amore mio" iliyonong'onwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja si biashara tena.

Tuchukue mfano. Kijana wa hoteli amemsaidia mgeni wa Kiitaliano, mwanamke wa makamo, kupata mizigo yake iliyopotea. Usiku anapata ujumbe kwenye simu: "Grazie tesoro, sei stato un angelo. Buonanotte! tvb". Amemwita hazina, amemwita malaika, na mwisho ameweka herufi tatu asizozijua. Akiutafsiri neno kwa neno atakosa usingizi. Lakini "tvb" ni mkato wa "ti voglio bene", ambao Waitaliano waliuzoea tangu enzi za ujumbe mfupi wa simu, na Wahispania wana wao, "tqm", yaani "te quiero mucho". Yote yaliyomo katika ujumbe ule yanaweza kuambiwa mpwa. Ni shukrani ya mtu mwenye moyo mkunjufu, na jibu linalofaa ni shukrani. Sasa tuseme baada ya wiki mbili umekuja mwingine: "Mi manchi, piccolo mio." Nimekukumbuka, mdogo wangu. Hakuna tena la kushukuriwa, hazina imeondoka, na pameingia upungufu wa mtu asiyekuwepo, udogo na umiliki. Hapo kijana ana haki ya kukaa chini na kufikiri atajibu nini.

Kwa Kihispania, swali la kwanza ni uko mji gani. Sokoni Madridi, mama muuza samaki atakuuliza "¿Qué te pongo, guapa?", nikupimie nini mrembo, na hajali kama umri wako ni miaka 20 au 80. "Cariño" na "cielo", yaani mbingu, ni za wapenzi na watoto, lakini muuguzi au mhudumu wa mkahawa aliyekomaa kiumri hukuita hivyo pia. Sevilla wana "miarma", ambalo ni "mi alma", roho yangu, lililolainishwa na ulimi wa Andalusia, nao humpa yeyote anayesimama mbele yao. Visiwa vya Kanari hukuita "mi niño" au "mi niña", mtoto wangu, hata kama una mvi. Ukivuka bahari hadi Karibea na pwani ya Kolombia, "mi amor" hutoka kwa muuza juisi pamoja na chenji yako. Ukidhani kila anayekuita hivyo anakutaka, utachoka kabla ya jioni.

Huko huko Karibea kuna jambo ambalo Mswahili ataligundua haraka kuliko Mzungu. Mama humwita mwanawe mdogo "papi", baba, na bintiye "mami", mama. Wengine hustaajabu. Sisi tunaowaambia watoto wetu "njoo, baba" na "usilie, mama" hatuna la kustaajabia. Kusini mwa Italia mzunguko ni mwingine lakini wa ukoo uleule: mama wa Napoli humwambia mtoto "mangia, a mamma", yaani anamtajia mtoto jina la mama mwenyewe, kana kwamba anampa sehemu yake. Lakini jihadhari, kwa maana "papi" na "mami" ni majina ya wapenzi pia, na mwanamume akimtupia mwanamke "mami" barabarani, ni maneno ya utongozaji, mara nyingi yasiyo na heshima.

Limebaki kundi linalowaumiza wengi zaidi, majina ya maumbile. Ajentina na Meksiko, "gordo" au "gorda", mnene, ni jina la mapenzi la kila siku kati ya mume na mke, na anayeitwa hivyo huenda ni mwembamba kama unyasi. "Flaco", mwembamba, ni la marafiki. "Negro" na "negra", mweusi, huitwa watu wa rangi yoyote. Mwimbaji mkubwa wa Ajentina, Mercedes Sosa, alijulikana kote kwa jina la "La Negra", na watu walilitamka kwa heshima.

Mashabiki wa kandanda wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kesi ya neno hili. Novemba 2020 Edinson Cavani wa Uruguay aliingia akitokea benchi, akaifungia Manchester United mabao mawili dhidi ya Southampton, na mchezo ukaisha 3-2. Rafiki alimpongeza kwenye Instagram, naye akajibu "Gracias negrito". Shirikisho la soka la Uingereza lilimfungia mechi tatu na kumtoza faini ya pauni 100,000. Kwao Uruguay, chuo cha taifa cha lugha kilipinga hadharani, kikisema adhabu hiyo imetokana na kutojua Kihispania. Miaka tisa nyuma yake, mwenzake wa Uruguay, Luis Suárez wa Liverpool, alifungiwa mechi nane kwa kumwita Patrice Evra "negro" uwanjani. Naye alijitetea kwamba kwao ni neno la kawaida. Tume iliwasikiliza wataalamu wa lugha, na haikukubali kwamba lilikuwa la kirafiki.

Mimi naona kesi hizi mbili hazifanani, ingawa magazeti yaliziweka pamoja. Cavani alikuwa akimshukuru rafiki yake, na ile "-ito" ya mwisho hulipunguza neno na kulilainisha. Suárez alikuwa katikati ya ugomvi na mpinzani asiye rafiki yake. Jina la urafiki linahitaji urafiki uliokuwepo kabla yake. Pasipo huo, kinachobaki ni rangi ya mtu aliyotupiwa usoni. Wapo pia Wamarekani wa Kilatini wenye asili ya Afrika wasiopenda kuitwa hivyo hata kwa sauti laini, na wana sababu, kwa kuwa neno hilo lilitumika pia enzi za utumwa.

Kwa hiyo Mswahili akiitwa "negrito" na Mkuba au Mwajentina, aangalie kwanza ni nani anayesema na wamezoeana kiasi gani. Mwenyewe asilitumie kabla hajaalikwa na wenyeji, vilevile "gorda". Akitaka la kumwita rafiki, Hispania "guapa" kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke halina hatari, na kati ya wanaume "tío", ambalo maana yake ni mjomba, litamtosha. Huko Italia, "bella" na "bello" kwa marafiki waliokwisha kuzoeana, na "ti voglio bene" siku ya kuagana.